Ripoti ya Sayansi si Fomu ya Kujazwa



Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo tunalolifanya kila juma bila kulifikiri. Tukitoka katika chumba cha majaribio twaandika ripoti. Twapiga mstari, twaandika vichwa vyetu: Utangulizi, Vifaa na Njia, Matokeo, Majadiliano, Hitimisho. Kisha twajaza chini ya kila kichwa kama mtu anavyojaza fomu ya ofisini: jina hapa, tarehe pale, sahihi chini. Fomu ikijaa, kazi imekwisha.

Mimi nasema sivyo. Ripoti ni hoja. Ni mtu mmoja anayejaribu kumwaminisha mtu mwingine ambaye hakuwapo, asiyemjua, na ambaye ana haki ya kutia shaka. Kila kichwa ni jibu la shaka moja. Msomaji huuliza kwanza: "Wataka kujua nini hasa?" Utangulizi humjibu. Huuliza: "Ulifanyaje, nami nitajuaje kwamba hukudanganywa na vyombo vyako?" Njia humjibu. "Uliona nini?" Matokeo. "Kwa nini nikubali maana hiyo, nisikubali nyingine?" Majadiliano. "Basi unadai nini, na unaishia wapi?" Hitimisho. Ukiondoa jibu moja, mengine hayawezi kusimama mahali pake, kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati.

Ili nisiseme hewani, nitachukua ripoti moja ya kweli, tena iliyoanzia kwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi, katika Afrika yetu hii ya Mashariki.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba karibu na Lushoto, milima ya Usambara, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, ndipo kuyatia katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa haba. Mwenzake mmoja akaona asichelewe, akachanganya maziwa yasiyochemshwa na sukari akayatia upesi. Mpemba, akiogopa kukosa sinia la mwisho, akatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda kuwa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alikwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, darasa likamcheka. Mpaka siku moja Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipofika Mkwawa kutoa hotuba, Mpemba akasimama akamwuliza: ukichukua bilauri mbili zenye maji ya kiasi kimoja, moja ya digrii 35 na nyingine ya digrii 100, ukazitia katika friji, ile iliyoanza kwa digrii 100 huganda kwanza, kwa nini? Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaamuru jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wote wawili walitoa makala katika gazeti la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kisa hiki wengi wakijua. Mimi nataka tukitazame kwa jicho jingine: ni nini kilichoongezwa kati ya sinia la aiskrimu na makala ile, hata watu waliocheka wakalazimika kusikiliza?

Tuanze na utangulizi. Wengi wetu huandika hapo maneno machache ya kupasha moto kalamu: "Maji ni kitu muhimu kwa maisha." Hayo hayabebi kitu. Kazi ya utangulizi ni kuuliza swali kwa namna ambayo jibu lake laweza kuwa ndiyo au hapana, na kuonyesha kwa nini jibu halijulikani tayari. Tazama swali la Mpemba kwa Osborne. Hakusema tena "maziwa yangu" na "maziwa yake." Katika maziwa yale, moja lilichemshwa na jingine halikuchemshwa, hivyo tofauti zilikuwa mbili, joto na kuchemshwa, wala hakuna awezaye kujua ipi ilifanya kazi. Katika swali lake jipya ameweka maji matupu, kiasi kimoja, na ametaja digrii. Hapo swali limekuwa kitu cha kupimwa. Mtu aweza kulikataa, lakini hawezi kusema halieleweki.

Hata hivyo lilibaki neno moja ambalo halikupigiwa mpaka: neno "kuganda." Je, maji yameganda yanapofika digrii 0? Au ukoko wa kwanza wa barafu unapotokea? Au yanapokuwa jiwe tupu mpaka chini? Haya ni matatu, si moja. Maji safi yaweza kushuka chini ya digrii 0 na kukaa bado maji kwa muda kabla chembe ya kwanza ya barafu haijatokea. Mwaka 1995 mtaalamu David Auerbach aliandika kwamba huenda siri yote imo humo: maji moja hushuka chini zaidi ya 0 kabla ya kuanza kuganda, na mengine huanza mapema. Kumbe neno moja katika utangulizi laweza kuamua ni nani atakayeshinda mashindano. Atakayelipuuza neno hilo katika ukurasa wa kwanza atagombana na wenzake katika ukurasa wa mwisho, nao hawatajua kwamba wanagombania vitu viwili.

Sasa njia. Hii ndiyo sehemu tunayoidharau kuliko zote. Twanakili vifaa kutoka ubaoni, "bilauri, kipimajoto, taa ya spiriti," kama orodha ya sokoni. Lakini njia ndiyo sehemu inayofunga milango ya shaka kabla msomaji hajaigonga.

Mpemba mwenyewe aeleza kwamba alipokuwa Mkwawa alikuta chumba cha biolojia kiko wazi. Alichukua bilauri mbili za sentimita 50 za ujazo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka katika sehemu ya barafu ya friji. Baada ya saa moja alikuta barafu nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto. Ni kazi ya kijana jasiri. Lakini mbishi bado ana maneno. Atasema: "Maji ya bomba yana hewa ndani yake, yale ya moto hewa imetoka, labda ni hewa." Atasema tena: "Bilauri ya moto iliyeyusha umande wa barafu chini yake, ikakaa barabara juu ya chuma baridi, na ile nyingine ikakaa juu ya umande kama juu ya blanketi, labda ni hilo."

Tazama sasa namna Osborne alivyofanya. Maji yote, ya moto na ya baridi, yalikuwa maji yaliyochemshwa karibuni. Kwa tendo hilo moja, mlango wa hewa umefungwa: kama hewa imetoka kotekote, haiwezi kuwa sababu ya tofauti. Bilauri zilikuwa za namna moja, na kila moja ilitiwa sentimita 70 za ujazo. Nazo hazikuwekwa juu ya chuma cha friji bali juu ya kipande cha povu gumu, lile jeupe jepesi ambalo redio mpya hufungiwa ndani yake dukani. Povu hilo haliruhusu joto kupita chini. Mlango wa umande umefungwa pia. Kisha hakutazama baada ya saa moja tu, bali alipima muda mpaka barafu ilipoanza kuonekana, tena kwa maji yaliyoanza na joto la namna nyingi.

Mnaona? Kila kitu katika njia kina mbishi wake. Povu si kifaa tu. Povu ni neno katika hoja. Kwa hiyo naona kipimo cha njia njema ni hiki: kwa kila kifaa na kila kiasi kilichotajwa, jiulize ni shaka gani kinaiua. Kama hakiui shaka yoyote wala hakimsaidii mtu kurudia kazi, hakina haja ya kuandikwa. Na kama kuna shaka isiyo na kitu cha kuiua, hapo pana tundu, hata orodha iwe ndefu namna gani.

Tuje katika matokeo. Hapa pana kisa kidogo ambacho napenda sana. Osborne aeleza kwamba fundi wake kijana alipofanya jaribio mara ya kwanza, alileta habari kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa. Tunacheka, lakini tufikiri. Tuseme fundi yule angerudia mara kumi, akapata jibu "baya" mara tisa na jibu "zuri" mara moja, akaandika ile moja tu. Namba yake isingekuwa ya uongo. Aliipima kweli. Na hata hivyo sehemu ya matokeo ingekuwa uongo mtupu, kwa sababu kazi yake katika hoja ni kusema: hivi ndivyo ilivyokuwa nilipotazama, kila mara nilipotazama. Msomaji hawezi kuona yaliyotupwa kapuni. Amekukabidhi macho yake.

Matokeo waliyoyatoa wawili hawa yalichorwa kama mstari, na mstari ule una kigongo. Maji yaliyoanza kwenye digrii kama 25 yalichukua muda mrefu kuliko yote. Yaliyoanza na joto zaidi ya hapo yalichukua muda mfupi zaidi, na yale ya karibu na kuchemka muda mfupi sana. Angalia faida ya kutumia joto nyingi badala ya mbili tu. Kwa bilauri mbili ungejua moja imeshinda. Kwa mstari mzima unajua kwamba jambo hili lina umbo: linaanzia mahali fulani, linapanda, linashuka. Bahati mbaya ya siku moja haitoi umbo. Tena waliona kwamba utando mwembamba wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa muda mrefu sana. Katika matokeo jambo hilo limesimama kama lilivyo, bila kuelezwa. Maana yake inangoja sehemu inayofuata.

Wapo wanaouliza kwa nini tutenge matokeo na majadiliano, na tusiyaseme pamoja. Ninaona sababu ni hii. Msomaji anaweza kukubali ulichoona na kukataa unachofikiri. Ukivichanganya, unamlazimisha avikubali vyote au avikatae vyote. Ukivitenga, ripoti yako yaweza kuishi hata maelezo yako yakifa. Ndivyo ilivyotokea hapa: maelezo ya mwaka 1969 yamepingwa mara nyingi, lakini mtu akitaka kupinga bado hufungua mstari ule wenye kigongo.

Majadiliano, basi, ni mahali pa kupanga maelezo yote yanayowezekana na kuyapima moja moja kwa matokeo. Si mahali pa kurudia matokeo kwa maneno mengine, kama tufanyavyo. Osborne alianza kwa kuondoa. Je, ni hewa iliyomo majini? Hapana, maji yote yalichemshwa. Je, ni mvuke uliotoka katika maji ya moto, yakapungua na kubeba joto? Kiasi kilichopungua kilikuwa kidogo, na hesabu ilionyesha kwamba joto lililobebwa na mvuke halitoshi kueleza tofauti yote. Kilichobaki ni jambo la utando wa mafuta. Kama kufunika uso wa maji kunachelewesha kuganda sana, basi joto jingi hutokea juu. Na vipimajoto vilivyowekwa juu na chini ya maji vilionyesha kwamba maji hayana joto moja: maji ya moto hupanda, hivyo uso wa bilauri iliyoanza moto hubaki na joto zaidi, nao hutoa joto upesi zaidi. Hayo ndiyo maelezo yake. Nayo hayakushuka kutoka mbinguni. Kila hatua ina mguu mmoja katika njia na mguu mwingine katika matokeo.

Kisha hitimisho. Osborne hakuandika kwamba amegundua sheria mpya. Aliandika kwamba majaribio yake ni ya kawaida tu, kwamba mambo mengi yaweza kuathiri kupoa, na kwamba yahitajiwa majaribio ya ustadi zaidi. Wapo wanaodhani maneno kama hayo ni adabu tu, kama kupiga hodi. La hasha. Hitimisho ni mpaka wa shamba. Lisipochimbwa mtaro, jirani hawezi kujua aanzie wapi kulima.

Na majirani walikuja. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walitoa ripoti yao. Waliuliza swali jembamba: ni muda gani maji huchukua kufika digrii 0? Hawakuuliza yaanze kuganda lini. Walipima kwa uangalifu mwingi, nao hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia. Zaidi ya hayo walionyesha jambo la kushangaza: ukisogeza kipimajoto juu au chini kwa kiasi cha sentimita moja tu, waweza kupata kitu kinachofanana na ajabu ya Mpemba, hali si ajabu. Sababu yake twaielewa kutoka darasani. Katika bilauri inayopoa, maji yaliyo baridi zaidi huzama mpaka yafikapo digrii 4. Chini ya hapo hugeuka, yaliyo baridi zaidi yakakaa juu. Basi kipimajoto cha chini na kipimajoto cha juu havisomi habari moja, hata katika bilauri moja.

Je, Burridge na Linden wamemshinda Mpemba? Mtu anayesoma vichwa vya habari atasema ndiyo. Mtu anayesoma ripoti sehemu kwa sehemu ataona mambo kwa utulivu zaidi. Katika njia, wamepata tundu ambalo wengi hawakuliziba: mahali pa kipimajoto. Hilo ni pigo la kweli kwa wote waliopima bila kuandika kipimajoto kilikaa sentimita ngapi kutoka chini. Lakini katika utangulizi, swali lao si lile la Osborne. Wao walipima kufika digrii 0; yeye alipima barafu kuanza. Kwa hiyo ripoti hizi mbili zagusana katika njia na zaachana katika swali. Bila vichwa vile vitano tungebaki na kelele: huyu asema ndiyo, yule asema hapana.

Sasa nijibu hoja moja inayoweza kuletwa dhidi yangu. Mwaka ule ule wa 1963 Bwana Peter Medawar, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1960, aliuliza katika redio ya Uingereza kama ripoti ya sayansi si ulaghai. Alisema kwamba mpangilio wetu unamwonyesha mtaalamu kama mtu aliyekwenda na kichwa kitupu, akakusanya matokeo, halafu ndipo akaanza kufikiri katika majadiliano. Kwa kweli, asema, mtu huanza na wazo, na wazo ndilo linalomfanya atazame huku na si kule.

Nakubali nusu. Ripoti haisemi kazi ilivyotokea siku kwa siku. Makala ya Mpemba na Osborne ni ushahidi mzuri, maana ina sauti mbili: Mpemba asimulia kisa chake, friji na vicheko na yote, Osborne apanga hoja. Ukisoma kisa peke yake wampenda Mpemba, lakini hujui kama umwamini. Ukisoma hoja peke yake waweza kuamini, lakini hujui wazo lilitoka wapi. Kazi hizi ni mbili. Dawa ya ugonjwa alioutaja Medawar si kufuta vichwa, bali kuandika wazo na matazamio yetu waziwazi katika utangulizi, kabla ya matokeo. Mtu akisema mapema alichotazamia, msomaji aweza kuona kama alishangazwa au alijitafutia.

Nimalize kwa jambo la hapa hapa Busasamana. Kila mwaka madarasa hupima joto la maji yanayochemka. Nimeona madaftari mengi yaliyoandikwa "digrii 100," na chini yake hitimisho: "Maji huchemka kwa digrii 100." Ndugu zangu, tunakaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, chini ya milima ya moto. Hewa hapa hukandamiza maji kwa kiasi cha robo tatu tu ya uzito wa hewa ya pwani. Maji yetu huchemka kwa digrii kama 93, ndiyo maana maharagwe yetu hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam. Daftari lenye 100 halikuandikwa kwa macho. Limeandikwa kutoka kitabu.

Na ripoti ya kweli ya jambo hili ingekuwaje? Utangulizi ungesema: kitabu chasema 100 penye usawa wa bahari, joto la kuchemka hushuka kama digrii moja kwa kila mita 300, basi hapa natazamia kama 93. Njia ingeua shaka ya kwanza ya kila mbishi, yaani kwamba kipimajoto ni kibovu: kitie kwanza katika barafu inayoyeyuka, hata ile ya mvua ya mawe ambayo hapa hatuikosi, uone kama kinasoma 0. Ingesema pia maji ni ya mvua na hayana chumvi, na kwamba kipimajoto hakikugusa chini ya sufuria. Matokeo yangeandika kila usomaji, si ule mmoja uliopendeza. Majadiliano yangepima sababu nyingine: chumvi au uchafu haviwezi kuwa sababu, maana hupandisha joto la kuchemka wala havilishushi, kipimajoto nacho kimekwisha kusafishwa jina kwa barafu, imebaki hewa. Hitimisho lingedai hili tu: hapa, siku ile, maji yalichemka kwa kiwango hiki. Aliye Gisenyi mjini, kando ya ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, angeweza kufanya vivyo hivyo na kupata kama 95, na ripoti hizo mbili zingetiliana nguvu.

Pendekezo langu kwa walimu wetu na kwa wenzangu ni jepesi. Kabla ya kupeleka ripoti, mpe mwenzako asome huku umefunika sehemu moja kwa karatasi. Kama haoni upungufu wowote, sehemu ile haikubeba kitu, iandike upya. Kama anauliza swali, na swali hilo limejibiwa chini ya karatasi, basi sehemu ile iko kazini. Na walimu wanaposahihisha, wasitoe alama kwa digrii 100. Watoe kwa barafu ya mvua ya mawe.